Slipu inasema 646,500, benki zimeingia 612,000: makato haya niyasomeje?

Bi Mkunde
Habari za jioni wanajukwaa. Nimeajiriwa katika kampuni binafsi hapa Morogoro, na kwa mara ya kwanza nimekaa chini nikalinganisha slipu ya mshahara na fedha zilizoingia benki, nikakuta hazilingani. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,000,000 na posho ya nyumba ni 150,000, hivyo jumla ni 1,150,000. Upande wa makato slipu inaonyesha NSSF 115,000, PAYE 138,500, HESLB 150,000 na akiba ya SACCOS 100,000. Jumla ya makato imeandikwa 503,500, na mshahara wa kuchukua nyumbani 646,500. Nimejumlisha mwenyewe na hesabu ya slipu iko sawa. Tatizo ni kwamba nimepokea 612,000, yaani pungufu ya 34,500. Sijachukua advansi wala sijakosa kazini hata siku moja. Naomba mnisaidie kujua nianze kuuliza wapi, maana sitaki kumtuhumu mhasibu bila kuelewa.

Kibubu
Pole dada. Hapo usihangaike na ofisi, ni benki. Benki hukata ada ya mwezi, ada ya kadi na ada ya ujumbe wa simu, na kama una mkopo kwao hujichukulia rejesho mshahara unapoingia tu. Mimi ilinitokea hivyo, nikagombana bure na watu wa ofisini.

Mwalimu wa Zamu
Mimi ninaona kosa liko NSSF. Makato ya pensheni ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo ulipaswa kukatwa 50,000. Mimi nimefundisha miaka 14 na sijawahi kukatwa zaidi ya asilimia 5.

Mzee wa Leja
Mwalimu, wewe upo PSSSF, ambako mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri huchangia 15. Mwenzetu yupo sekta binafsi chini ya NSSF, na kwa mgawanyo uliozoeleka mwajiriwa hukatwa asilimia 10 ya mshahara wote pamoja na posho. 115,000 ni sahihi.

Ndugu Kibubu amesema jambo la kweli, lakini linapimika. Bi Mkunde, usitumie salio lililobaki wala ujumbe wa simu. Chukua taarifa ya akaunti, utafute mstari mmoja tu wa mshahara kuingia. Ada na marejesho ya benki huandikwa katika mistari yake yenyewe, chini ya huo. Kama mstari wa kuingia unasomeka 646,500, basi Kibubu amepatia. Kama unasomeka 612,000, benki haihusiki, kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho mwajiri ameagiza ulipwe.

Bi Mkunde
Nimeipata taarifa ya akaunti leo asubuhi. Mstari wa mshahara unasomeka 612,000. Ada ya benki ipo peke yake, siku mbili baadaye.

Mzee wa Leja
Basi turudi kwenye makato, na tuanze na PAYE, kwa kuwa ndiyo inayokosewa mara nyingi kuliko nyingine. Kodi haikatwi kwenye 1,150,000. Kwanza unaondoa mchango wako wa NSSF, inabaki 1,035,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, anayezidi milioni moja hutozwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi. Kwako kilichozidi ni 35,000, asilimia 30 yake ni 10,500, na ukijumlisha unapata 138,500, kama slipu inavyosema. Makato ya HESLB ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo 150,000 nayo iko sawa. Hayo pamoja na SACCOS hayapunguzi kodi, hukatwa tu baada yake.

Sasa itazame hiyo 34,500 yenyewe. Ni asilimia 30 ya 115,000 kamili, bila kubaki senti, na 115,000 ni mchango wako wa NSSF. Mtu akikutoza kodi bila kuondoa NSSF, atachukua asilimia 30 ya 150,000, yaani 45,000, na PAYE yako itakuwa 173,000. Ukitoa makato mengine yote unabaki na 612,000. Ninashawishika kwamba orodha ya malipo iliyopelekwa benki ilitokana na hesabu yenye kosa, na slipu zikachapwa baada ya kosa kurekebishwa. Je, kuna kilichobadilika ofisini mwezi huu?

Bi Mkunde
Ndiyo. Mwezi huu tumeanza kutumia programu mpya ya mishahara, na slipu zilichelewa siku nne baada ya fedha kuingia.

Mzee wa Leja
Hiyo inaongeza uzito, lakini bado ni dhana. Tafuta mwenzako mwenye mshahara tofauti na wako. Mtu mwenye jumla ya 800,000 anakatwa NSSF 80,000, inabaki 720,000, na PAYE yake sahihi ni 60,000. Bila kuondoa NSSF ingekuwa 78,000. Kama dhana yangu ni kweli, yeye atakuwa amepungukiwa 18,000, si 34,500. Kama amepungukiwa kiasi kingine, nitakuwa nimekosea, na itabidi tuanze upya.

Chausiku
Samahani kwa kuingilia. Mimi slipu na benki vinalingana kila mwezi, lakini nilipoangalia deni langu la Bodi ya Mikopo nikakuta miezi mitatu haijapungua, wakati slipu inaonyesha nimekatwa. Nami nifanye nini?

Mzee wa Leja
Dada Chausiku, hilo ni tatizo jingine na huenda ni zito zaidi. Slipu inathibitisha kwamba umekatwa, haithibitishi kwamba fedha zimefika. Peleka slipu za miezi hiyo mitatu HESLB, na wakati huohuo uangalie taarifa ya michango yako NSSF, kwa sababu mwajiri anayechelewesha moja mara nyingi huchelewesha na nyingine.

Bi Mkunde
Nimerudi. Mwenzangu wa stoo ana jumla ya 800,000, na hana mkopo wala SACCOS. Slipu yake inasema 660,000, zilizoingia ni 642,000. Pungufu ni 18,000 kamili.

Kibubu
Nimekubali, si benki. Basi waambie tu wakurudishie mwezi ujao, yaishe.

Mzee wa Leja
Kurudishiwa ni sawa, ila kuna swali la kuuliza kwanza, na uliulize kwa maandishi: TRA walipelekewa PAYE ya 138,500 au ya 173,000 kwa jina lako? Kama ni 138,500, 34,500 zako bado ziko kwenye akaunti ya kampuni na wanaweza kukulipa hata kesho. Kama ni 173,000, watahitaji kurekebisha ritani ya mwezi huo, na wanaweza kukuambia usubiri. Ambatanisha slipu na ukurasa wa taarifa ya akaunti, ukiziba miamala isiyowahusu.

Bi Mkunde
Barua nimeikabidhi leo saa nne, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mhasibu ameisoma mbele yangu, akafungua orodha aliyoipeleka benki, akanyamaza kidogo, kisha akasema atanijibu Jumatatu kuhusu TRA. Wenzangu kumi na mmoja wameanza kuchapa taarifa zao za akaunti.