Nimechomwa na sindano saa tisa usiku, mhusika wa dawa anafika saa tatu. Nisubiri?

Nesi_wa_Zamu: Wadau, niko kituo cha afya huku Nile Magharibi, Uganda. Nilikuwa namtoa mgonjwa damu, akavuta mkono, sindano ikapenya glavu ikanichoma kidole cha shahada. Nimeosha kwa sabuni na maji ya bomba. Mgonjwa yuko kwenye ARV, kadi yake inasema virusi havionekani. Homa ya ini B hajawahi kupimwa. Mimi chuoni nilidungwa chanjo moja tu, mbili zilizobaki sikurudi. Sasa ni saa moja asubuhi.

Kamanda_K: Usisubiri. Minya kidole damu itoke, kisha mwagia klorini. Zamani ndivyo tulivyofanya.

Klinishani_Mzee: Kwenye kutosubiri, Kamanda yuko sawa. Kuminya na klorini hapana, utaunguza nyama bure. Dada, mpigie mhusika simu aje afungue kabati. Saa 72 ndizo mwisho wa kuanza PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, si muda wa kupumzika. Kila saa ikipita kinga inapungua. Ni kidonge kimoja kwa siku, siku 28. Kadi ya mgonjwa ni ya lini?

Nesi_wa_Zamu: Miezi 11 iliyopita.

Klinishani_Mzee: Basi usiitegemee, meza.

Ila mimi ningehofia zaidi ini. Kwa VVU, katika watu 1,000 waliochomwa hivyo huambukizwa kama 3. Kwa homa ya ini B, asiye na kinga ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Mpimeni mgonjwa leo, na wewe upimwe VVU na homa ya ini B. Ukikutwa unayo tayari, waambie kabla ya siku ya 28: tenofovia na lamivudini za kwenye kidonge hicho hukandamiza kirusi cha ini pia, na ukiziacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Mama_Pendo: Samahani naingilia. Mwanangu wa miaka 9 alikanyaga sindano jalalani juzi. Naye?

Klinishani_Mzee: Mama, mpeleke leo hii, saa 72 zinamhusu. Chanjo ya ini B watoto wetu hupewa tangu 2002, kwa hiyo beba kadi yake.

Nesi_wa_Zamu: Nimemeza saa mbili kasorobo. Mimi sina vyote viwili. Mgonjwa ana homa ya ini B! Chanjo nimedungwa, sikuanza upya, wamehesabu ni ya pili. Imunoglobulini, sindano ya kingamwili za homa ya ini B, hapa hakuna.

Klinishani_Mzee: Chanjo ndiyo nguzo, umeiwahi. Imunoglobulini ni bora ndani ya saa 24, ingawa hata siku 7 hutolewa. Pigia hospitali ya rufaa sasa hivi. Damu nyingine ya VVU wiki ya 6, kisha mwezi wa 3. Mpaka hapo, kondomu.

Kamanda_K: Mume atauliza kwa nini.

Nesi_wa_Zamu: Ndilo linalonisumbua sasa. Rufaa wanasema watapiga.