Naomba ushauri: Profesa hajatuma slaidi wala wasifu, nimpeje tarehe isiyoyumba?

Karani_UpperHill
Hamjambo wadau. Tuna kongamano la siku moja Alhamisi tarehe 23 Oktoba 2025, kwenye hoteli hapa Upper Hill, watu kama 120. Mzungumzaji mkuu ni profesa na alikubali mwaliko tangu Agosti. Wiki jana nilimwandikia hivi: "Tafadhali tutumie slaidi na wasifu wako mfupi mapema iwezekanavyo." Akajibu, "Sawa, nitatuma." Leo ni tarehe 7 na bado kimya. Kijitabu cha programu kinachapishwa River Road, na mwenye mashine anataka faili Jumatatu tarehe 20. Nimwandikieje nimbane bila kumvunjia heshima?

Mwalimu_wa_Programu
Kabla ya barua, fungua kalenda. Jumatatu tarehe 20 ni sikukuu ya Mashujaa. Hata mwenye mashine akisema atafungua, Jumanne atakuwa na kazi zote za wikendi ndefu mezani, na wewe unataka kijitabu Jumatano. Mpelekee faili Alhamisi tarehe 16 asubuhi. Ijumaa hii tarehe 10 nayo ni Siku ya Mazingira, kwa hivyo usimwekee profesa tarehe ya mwisho Jumatatu ya 13, maana ndiyo kwanza watu wanarudi ofisini.

Sasa barua yenyewe. "Mapema iwezekanavyo" si tarehe, na ndiyo maana amekujibu "nitatuma" na dhamiri yake imetulia. Kosa kubwa zaidi ni kuomba vitu viwili kwa pumzi moja. Wasifu unakwenda kwenye karatasi, ukishachapishwa umechapishwa. Slaidi zinakwenda kwenye kompyuta ya ukumbi na zinaweza kubadilishwa hadi mkesha. Ukiviomba pamoja, atangoja slaidi ziishe ndipo atume vyote, na wasifu wa dakika kumi utakwama nyuma ya slaidi za wiki mbili. Weka tarehe mbili. Mimi ningeandika hivi:

> Wasifu kufikia Jumanne 14 Oktoba. Slaidi kufikia Jumanne 21 Oktoba
>
> Profesa, salamu. Asante tena kwa kukubali kuzungumza nasi Alhamisi tarehe 23. Umetengewa dakika 30 kuanzia saa tatu asubuhi, kisha dakika 10 za maswali.
>
> Tunakuomba wasifu wa maneno 80 hivi na picha moja kufikia Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa kumi jioni. Kijitabu kinakwenda kwa mchapishaji Alhamisi asubuhi. Ikiwa wasifu hautakuwa umetufikia, tutachapisha jina lako, cheo na chuo pekee.
>
> Slaidi tunaziomba kufikia Jumanne tarehe 21 Oktoba, saa sita mchana, ili fundi wa ukumbi azijaribu Jumatano.
>
> Nimeambatisha rasimu ya wasifu niliyoitoa kwenye ukurasa wako wa chuo. Ukiona inafaa, irekebishe tu na unirudishie.

Angalia ile sentensi ya "tutachapisha jina lako, cheo na chuo pekee". Hiyo ndiyo inayoifanya tarehe iwe tarehe. Si kitisho, ni habari ya kitakachotokea, na unaweza kuitimiza bila kugombana na mtu.

Baba_Kipaza
Mnajisumbua. Mwambie mwisho ni tarehe 9, wewe ukijua ni 14. Maprofesa wote huchelewa siku tano, hesabu yako itatoka sawasawa.

Mwalimu_wa_Programu
Kuacha nafasi nyuma ya tarehe ni sawa, na hapo juu ipo: kati ya Jumanne jioni na Alhamisi asubuhi kuna siku nzima. Lakini tarehe ya uongo ina shida moja. Akikupigia tarehe 9 aombe siku mbili, utampa, kwa sababu huna sababu ya kumnyima. Kuanzia hapo anajua kwamba tarehe zako ni za kujadiliwa, na ile ya slaidi hataiamini. Tarehe yenye mchapishaji nyuma yake haina haja ya kutetewa.

Dada_Mfawidhi
Kuhusu wasifu, tafadhali taja idadi ya maneno na uombe uandikwe kwa nafsi ya tatu. Usipotaja, utaletewa CV ya kurasa nne yenye shule ya msingi ndani, na mfawidhi atasimama jukwaani akichagua cha kusoma huku watu wakimtazama. Maneno 80 yanasomwa chini ya dakika moja. Tena muulize jina litamkweje na anataka aitwe Profesa au Daktari. Picha asiitume kama picha ya WhatsApp, maana inapunguzwa ubora na kwenye karatasi itatoka na ukungu. Aitume kama hati au kwa barua pepe.

Kijana_wa_Projekta
Kwa upande wetu wa mitambo, omba vitu viwili: faili ya PowerPoint yenyewe na nakala ya PDF. PowerPoint ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti aliyotumia, inaweka fonti nyingine, maneno yanavuka kisanduku na jedwali linavurugika. PDF inakuonyesha slaidi zilivyokusudiwa, kwa hivyo unalinganisha ukurasa kwa ukurasa na kuona kilichoharibika. Mtajie pia umbo la skrini. Kama ukumbi una 16:9 na yeye ametengeneza 4:3, utapata mistari miwili meusi kando. Si balaa, ila aliyeketi nyuma ataona maandishi madogo.

Gmail haipitishi kiambatisho kizito kuliko MB 25. Akizidisha, itakuja kama kiungo cha Drive, na hapo ndipo watu hujidanganya kwamba wamepokea. Kifungue siku hiyohiyo kwenye dirisha la faragha. Ukiona "Request access", bado huna slaidi. Video nazo zicheze zote hadi mwisho, mtandao ukiwa umezimwa. Ikigoma, huenda aliweka kiungo tu na video yenyewe haimo kwenye faili.

Mama_Semina
Jamani nami nisaidieni. Wangu ametuma kwa wakati, lakini ni slaidi 70 za dakika 20. Nimwambieje apunguze?

Dada_Mfawidhi
Mama, huo ni uzi mwingine, lakini kwa kifupi usitaje idadi ya slaidi. Mwambie mfawidhi ataonyesha kadi ya dakika 5 na ya dakika 1, kisha kipaza sauti kinazimwa. Atapunguza mwenyewe.

Karani_UpperHill
Asanteni sana. Nimeiandika upya na nitaituma kesho saa mbili asubuhi, nakala kwa msaidizi wake. Kikumbusho kimoja Jumatatu ya 13, na Jumanne saa tano nipige simu. Swali limebaki moja: slaidi akizileta 21, kisha Alhamisi asubuhi anakuja na flashi akisema "nimebadilisha kidogo", nifanyeje?

Kijana_wa_Projekta
Kataa. Zile zilizojaribiwa ndizo zitakazochezwa. Flashi ya saa mbili na nusu ndiyo huleta virusi na video zisizofunguka.

Mwalimu_wa_Programu
Hapo sikubaliani nawe. Mzungumzaji mkuu humkatalii takwimu alizozisahihisha usiku. Pokea kama amefika kabla ya saa mbili, ipe faili jina lenye tarehe na saa, na ile ya Jumanne ibaki wazi pembeni.

Kijana_wa_Projekta
Na akifika saa tatu kasorobo, nani atamwambia hapana? Si wewe, ni mimi niliye nyuma ya meza.