Njia ya vipeo iachwe? Mjadala wa matriksi ya mbawakawa inayogoma kutulia

Mdadisi: Wakuu, nina matriksi ya idadi ya mbawakawa wa rika tatu, natafuta thamani aigeni kuu kwa njia ya vipeo: naizidisha vekta kwa matriksi tena na tena, na makadirio ni urefu wake umekua mara ngapi kila hatua. Nikianza na (60, 0, 0) makadirio yanatoka 0.5, 0.333, 6, kisha 0.5, 0.333, 6 tena, hata nikizungusha mara elfu. Mwenzangu anasema njia hii imepitwa na wakati, iachwe kabisa. Ana haki?

```
A = [[0,   0,   6],
     [1/2, 0,   0],
     [0,   1/3, 0]]
```

Nyuki: Mkuu, tatizo ni hapo ulipoanzia. Sifuri mbili kati ya tatu! Anza na vekta ya nasibu, itatulia. Na hata ukianza vibaya, makosa madogo ya kompyuta kwenye desimali za mwisho huwa yanakusukuma kwenye njia.

Kisu Kikali: Namuunga mkono mwenzake. Matriksi ya 3 kwa 3 unaihangaikia ya nini? Ita `np.linalg.eigvals(A)`, upate zote tatu kwa mkupuo, uone mwenyewe kilichomo. Njia inayokunyima jibu bila kukwambia kwa nini haifai kukabidhiwa mtu.

Mama Hesabu: Nyuki, dawa yako ni nzuri, ila ni ya ugonjwa mwingine. Mdadisi, zidisha A kwa yenyewe mara tatu uone: unapata matriksi ya utambulisho, 1 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. Kwa hiyo vekta yoyote, iwe ya nasibu au ya kuchagua, inarudi ilipotoka baada ya hatua tatu. Inayobaki palepale ni ile tu ambayo tayari iko kwenye uwiano wa 6:3:1, na huwezi kuiokota kwa bahati.

Tazama kwanza inavyokuwa pale mambo yanapokwenda sawa. Chukua `[[2,1],[1,2]]`, uanze na (1, 0). Unapata (2, 1), kisha (5, 4), kisha (14, 13). Jumla ya namba mbili inakwenda 1, 3, 9, 27, lakini tofauti yake ni 1 siku zote. Hizo ndizo thamani aigeni zake, 3 na 1. Vekta ya mwanzo ilikuwa mchanganyiko wa pande mbili. Kila hatua upande mmoja unakua mara tatu na wa pili haukui, basi ule wa pili unamezwa. Kasi inatokana na uwiano wa thamani ya pili kwa ya kwanza, hapa 1/3 kila hatua.

Kwa mbawakawa hakuna wa kummeza mwenzake. Thamani zote tatu zina ukubwa wa 1: moja ni 1 yenyewe, mbili ni namba changamano zinazozunguka. Na sababu unaiona kwenye matriksi yenyewe: wanaozaa ni wa rika la tatu peke yao, na 6 × 1/2 × 1/3 ni 1. Kizazi kinamaliza duara na kurudi kilivyokuwa. Bernardelli aliutoa mfano huu mwaka 1941, kabla ya makala ya Leslie ya 1945.

Mpanga Kurasa: Mimi napanga kurasa kwa umuhimu kwa njia hii hii, mamilioni ya mistari, na haijawahi kunisumbua. Labda umekosea kuandika programu?

Mama Hesabu: Hajakosea, ndugu yangu. Wewe umekingwa na ile 0.85, uzito unaowapa viungo vya kurasa. Kwa kuchanganya viungo vyako na kuruka kwa nasibu, thamani ya kwanza inakuwa 1 na ya pili haiwezi kuzidi 0.85 kwa ukubwa. Ndiyo maana hatua kama 85 zinatosha kupunguza kosa mara milioni. Ingekuwa 0.99 ungehitaji karibu 1,375. Kinga hiyo iliwekwa na watu, haikuja na njia ya vipeo.

Nyuki: Sawa Mama, la nasibu nimelielewa. Lakini si atafute wastani wa mzunguko mmoja tu? Makadirio matatu, ujumlishe, ugawe kwa tatu.

Mama Hesabu: Umekaribia sana. Wastani huo unatoa 2.28, ambayo si jibu la chochote. Zizidishe badala ya kuzijumlisha: 0.5 × 0.333 × 6 ni 1, na kipeuo cha tatu cha 1 ni 1. Huo ndio ukubwa sahihi. Kwenye vekta, kujumlisha kunafaa, ila kwa sharti. Jumlisha (60, 0, 0), (0, 30, 0) na (0, 0, 10) jinsi zilivyo: unapata (60, 30, 10), yaani 6:3:1 kamili. Ukizipunguza kwanza kila moja iwe na urefu wa 1, kama programu nyingi zinavyofanya, unapata (1, 1, 1) na umepotea.

Mimi ningeongeza 1 kwenye ulalo. Thamani zote zinasogea kwa 1: ile ya 1 inakuwa 2, zile mbili changamano zinabaki na ukubwa wa 1. Sasa kuna mshindi, na kosa linapungua kwa nusu kila hatua.

```python
B = A + np.eye(3)
x = np.array([60., 0, 0])
for k in range(40):
    x = B @ x
    x = x / np.linalg.norm(x)
```

Kwa mkono, bila kugawa kwa urefu: (60, 30, 0), (60, 60, 10), (120, 90, 30), (300, 150, 60), (660, 300, 110), (1320, 630, 210). Uwiano umeshafika 6.29:3:1. Mwisho toa ile 1 uliyoongeza kwenye thamani.

Mdadisi: Imetulia! 6:3:1. Sasa nitajuaje siku nyingine? Nilikuwa nasimamisha pale makadirio yanapoacha kubadilika.

Mama Hesabu: Hicho kipimo kinadanganya. Jaribu `[[0,1],[1,0]]` kuanzia (1, 0): urefu ni 1 kila hatua, programu yako itasema imefika, kumbe vekta inaruka huku na huko. Pima baki, yaani `np.linalg.norm(A @ x - lam * x)`, lam ikiwa ni makadirio yako ya thamani. Pale itakupa 1.41, na hapo huwezi kusema umefika.

Ila nacho kina upofu wake, na hapa ndipo ushauri wa kwanza wa Nyuki unapofaa. Rudi kwenye `[[2,1],[1,2]]`, uanze na (1, −1). Utabaki pale pale milele na kipimo kitasoma sifuri, kwa sababu (1, −1) ni vekta aigeni kweli, ila ni ya thamani 1, si ya 3. Wala desimali za kompyuta hazikuokoi, maana 2a ukitoa a ni a bila kosa lolote. Anza kwa nasibu mara mbili tatu, ulinganishe.

Kisu Kikali: Mnaona wenyewe: ongeza 1, pima baki, rudia kwa nasibu. Ule mstari wangu mmoja ungemwonyesha zote tatu zina ukubwa sawa, na mjadala usingekuwepo.

Mpanga Kurasa: Kwa 3 kwa 3 nakubali. Kwangu matriksi nzima haiingii hata kwenye kumbukumbu ya mashine. Ninachoweza ni kuizidisha na vekta, basi.

Mdadisi: Kuna jambo linanisumbua. Nimepata 6:3:1, lakini mbawakawa wangu wakianza 60 wachanga hawafiki kwenye uwiano huo kamwe, wanazunguka tu. Niandike kwenye ripoti kwamba ndio muundo thabiti wa rika?

Nyuki: Andika, hesabu imeshasema.

Mama Hesabu: Mimi nisingeandika hivyo. Kuongeza 1 kumeibadili njia ya kutafuta, hakujawabadili mbawakawa. 6:3:1 ni wastani wa mzunguko wao mzima. Kama kuna hata wachache wa rika la pili wanaozaa, weka namba hiyo kwenye mstari wa kwanza na mzunguko utafifia wenyewe. Unazo takwimu zao?

Mdadisi: Za rika la pili hatukuzihesabu kabisa.