Msaada: Najumlishaje alama za dodoso lenye "haihusiki" na majibu matupu?

Kalamu_Butu

Habarini wakuu. Nina dodoso la kuridhika kwa wagonjwa, vituo 6, watu 312. Maswali ni 10, kila moja lina majibu ya 1 hadi 5 (1 sijaridhika kabisa, 5 nimeridhika sana). Mpango wangu ulikuwa rahisi tu: nijumlishe, mtu apate alama zake kati ya 10 na 50, halafu nilinganishe vituo.

Sasa swali la 6 linauliza kuhusu maabara na la 8 kuhusu maelezo ya dawa. Si kila mtu alipimwa wala kupewa dawa. Kwa hiyo tuliweka 98 kwa "haihusiki" na 99 kwa "hakujibu". Nimepiga SUM kwenye Excel, mgonjwa mmoja kapata 228. Nikacheka, nikafuta 98 na 99 zote, nikapiga tena. Sasa yule yule ana 32, na mwenzake aliyejibu yote ana 38. Nikitazama majibu yao, huyu wa 32 ameweka 4 kila mahali! Hana lalamiko hata moja, ila kwenye jedwali anaonekana ndiye mnung'unikaji.

Nifanyeje? Ripoti inatakiwa Ijumaa.

Mzee_wa_Chaki

Kijana, hapo mbona rahisi. Asiyefanya mtihani anaandikiwa X, habari imeisha. Na hata kidato cha nne daraja linatoka kwenye masomo 7 bora, siyo yote aliyofanya. Chukua maswali 7 bora ya kila mtu ujumlishe.

Kalamu_Butu

Mzee wangu shikamoo. Hawa ni wagonjwa, siyo wanafunzi. Nikichukua majibu 7 bora ya kila mmoja nitakuwa nimeyatupa malalamiko yao yote.

Mzee_wa_Chaki

Marahaba. Nilisoma "alama" nikajua ni mitihani. Endeleeni.

Tandale_Junior

Mkuu usijichoshe, acha SUM, tumia AVERAGE. Huyo wa 8 atagawanywa kwa 8, wa 10 atagawanywa kwa 10. 32/8 = 4.0, 38/10 = 3.8. Tayari mambo yamekaa sawa. Seli tupu AVERAGE inaziruka yenyewe.

Bibi_Jedwali

Tandale yuko sahihi nusu. Kalamu, kabla ya kuugusa wastani nijibu: hizo 312 zote zilikusanywa kwa njia moja? Na ulipofuta 98 na 99, bado una nakala ya data ghafi?

Kalamu_Butu

Nakala ninayo. Vituo 2 tulitumia karatasi, 4 tulitumia simu kwa KoboToolbox. Kwenye simu kulikuwa na swali la kichujio, "Je, umepimwa maabara leo?" Akisema hapana, swali la 6 halitokei.

Bibi_Jedwali

Ndicho nilichokuwa nakihofia. Una matupu ya aina tatu na umeyatia gunia moja. Kwenye karatasi, haihusiki ni 98. Kwenye simu, haihusiki ile ile inatoka seli tupu, kwa sababu swali lilifichwa. Halafu kuna matupu ya kweli: mtu aliulizwa, hakujibu, na mdodosaji akasahau kuandika 99.

Rudi kwenye data ghafi. Kila seli tupu, tazama kichujio chake. Kichujio kikisema hapana, jaza 98. Kikisema ndiyo na jibu halipo, jaza 99. Maswali yasiyo na kichujio, tupu ni 99. Ukimaliza kusiwe na seli tupu hata moja kuanzia D hadi M. Hapo ndipo hesabu inaanza, na huhitaji kufuta kitu:

```
N2: =COUNTIFS(D2:M2,">=1",D2:M2,"<=5")
O2: =SUMIFS(D2:M2,D2:M2,">=1",D2:M2,"<=5")
P2: =IF(COUNTIF(D2:M2,99)<=2,(O2/N2-1)/4*100,"")
```

N inahesabu majibu halali, O inajumlisha hayo tu. P ndiyo alama. Anayeachwa bila alama ni yule mwenye 99 zaidi ya 2. Mwenye 98 haadhibiwi, kwa sababu hakuwa na cha kujibu. Kasoro ya AVERAGE ya Tandale iko hapo: mtu akijibu maswali 2 tu akaondoka na daladala yake, akaweka 5 na 5, atakuwa ndiye aliyeridhika kuliko wote kwenye ripoti yako.

Kile kikomo cha 2 ni uamuzi wangu, siyo amri. Wengi huenda na "angalau nusu ya maswali yamejibiwa". Chochote utakachochagua, kiandike kwenye ripoti kabla hujaona matokeo.

Tandale_Junior

Sawa Bibi, hapo nimekubali. Ila kwa nini unatoa 1 ndipo ugawe kwa 4? Si 32 gawanya kwa 40 upate 80%?

Bibi_Jedwali

Kwa sababu kipimo kinaanzia 1, siyo 0. Mtu aliyechukia kila kitu, 1 mwanzo hadi mwisho, ana 10 kati ya 50. Kwa hesabu yako ameridhika kwa 20%. Kwa hesabu hii anapata 0, na aliyejaza 5 kote anapata 100. Wale wawili wa Kalamu wanatoka 75 na 70.

N ikitoka 0 na majibu unayaona kwa macho, namba zako zimehifadhiwa kama maandishi. Zibadilishe kwanza.

Dada_wa_Tasnifu

Samahani kuingilia, mimi nina PHQ-9, lile dodoso la dalili za sonona. Maswali 9, kila moja 0 hadi 3. Nina watu 11 walioruka swali moja. Niwajazie 0? Msimamizi wangu anasema 0 maana yake "hakuna dalili", kwa hiyo haina madhara.

Bibi_Jedwali

Ina madhara sana. Kwenye PHQ-9, 0 ni jibu kamili, "hapana kabisa". Unamsemea mtu ambacho hakukisema.

Chukua mtu aliyejibu 8 akapata 9. Ukimjazia 0 anabaki na 9, yuko chini ya 10, na 10 ndiyo mpaka unaotumika sana kumtenga mwenye dalili za kutosha kufuatiliwa. Ukimpa wastani wake mwenyewe, 9/8 mara 9, anafika 10.1 na amevuka. Mtu mmoja, makundi mawili, kwa sababu ya seli moja. Hesabu kwa njia zote mbili uone ni wangapi kati ya 11 wanaohama. Kama hakuna, andika hivyo ulale usingizi.

Lakini tazama ni swali gani limerukwa. Kama ni la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, usilijaze kwa hesabu yoyote. Mtu huyo anarudiwa na kuulizwa, kwa usalama wake kwanza.

Dada_wa_Tasnifu

4 kati ya 11 ni la 9. Asante. Nampigia muuguzi wa kliniki sasa hivi.

Mganga_Mkaazi

Nimekaa zahanati miaka mingi, na hilo swali la 8 linanisumbua kuliko hesabu zenu. Kalamu, mgonjwa aliyeandikiwa dawa, akaenda dirishani akaambiwa hakuna, kanunue nje, mdodosaji wako alimwandikia nini?

Kalamu_Butu

Hapo umenishika. Kichujio kilisema "Je, umepewa dawa leo?" Huyo angejibu hapana, swali la 8 linafichwa.

Mganga_Mkaazi

Basi kituo kisicho na dawa kinapata 98, na 98 haihesabiwi. Umekitunuku kwa kukosa dawa. Huyo haikuwa "haihusiki", huyo ndiye ilimhusu kuliko wote.

Bibi_Jedwali

Mganga ameona kitu ambacho hakuna fomula ya kukitoa. Na hata pasipo dawa kuisha, tatizo la aina hiyo lipo kwenye maabara. Chukua kituo A chenye maabara. Mgonjwa wake anaweka 4 kwenye maswali 8 ya kawaida, halafu 2 kwenye maabara kwa sababu ya foleni, na 2 kwenye dawa. Jumla 36 kwa 10, wastani 3.6. Kituo B hakina maabara, na mgonjwa wake hakuandikiwa dawa. Maswali yale yale 8 anayapa 31, wastani wa 3.9 hivi. Kwenye jedwali B kashinda. Ila kwenye maswali 8 waliyojibu wote wawili, A ana 32 na B ana 31.

Kwa hiyo alama ya kulinganisha vituo itoke kwenye yale 8 ya wote. La 6 na la 8 yaripoti peke yake, na pembeni ya kila moja andika ni wagonjwa wangapi liliwahusu.

Mganga_Mkaazi

Hapo sikubaliani nawe, Bibi. Ukiyatoa nje, wakubwa watasoma alama moja ya juu na kufunga faili. Kituo kisicho na maabara kipewe 1 kwenye la 6. Mgonjwa katumwa kilomita 20 kwenda kupimwa, hiyo si huduma.

Bibi_Jedwali

Hiyo ni alama ya kituo, siyo ya kuridhika kwa mgonjwa. Ukiichanganya, mgonjwa ambaye hakuhitaji kupimwa atakuwa amelalamikia maabara bila kujua. Weka safu nyingine: maabara ipo, haipo.

Mganga_Mkaazi

Safu nyingine haisomwi na mtu.

Kalamu_Butu

Nimerudi. Nimejaza 98 na 99 upya kwa kichujio. 99 halisi ziko 41, na 29 zimetoka kwa mdodosaji mmoja, karibu zote swali la 10: "Je, umeridhika na gharama ulizolipa?" Kituo kimoja. Nimempigia, anasema wagonjwa walikuwa wanaangalia mlangoni kwanza, halafu wanasema "hilo liache tu".

Kwa hiyo hao 29 nao wamepata alama kwa fomula ya P2, kwa kuwa kila mmoja ameacha moja tu. Na wana alama nzuri, maana maswali mengine hawana shida nayo.

Mganga_Mkaazi

Nani alikuwa amekaa karibu na huo mlango?

Bibi_Jedwali

Kalamu, usiwajazie wastani wao kwenye la 10, na kwa kituo hicho usitoe alama ya jumla kama vile la 10 halikuwepo. Andika idadi: waliulizwa wangapi, waliacha wangapi, na vituo vingine waliacha wangapi. Na kwa dawa, yule aliyeambiwa akanunue nje, una njia ya kumpata?

Kalamu_Butu

Kwenye karatasi baadhi ya wadodosaji waliandika pembeni "dawa hakuna". Nimehesabu 17. Kwenye simu hakukuwa na pa kuandika.