Tupeane uzoefu: ratiba yako ya wiki ya kusaka matangazo ya kazi bila kuchoka akili ikoje?

Dada_wa_Goba
Habari za muda huu wakuu. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwa mdogo wangu nikamkuta kalala na simu kifuani, data iko wazi, grupu moja tu la matangazo ya kazi lina meseji 412 hajasoma. Nikajiona mimi mwenyewe mwaka 2022. Nilitoka chuo na uhasibu wangu, nikawa naamka saa 11 alfajiri kuperuzi matangazo na nalala saa 7 usiku bado naperuzi, na ukiniuliza leo nimeona nini sikumbuki.

Miezi 5 ya kwanza nilituma maombi 61 nikaitwa mara 2. Na hiyo 61 nimeijua baadaye nilipokaa kuhesabu imeili moja moja, wakati ule ungeniuliza ningekwambia nimetuma mia tatu.

Nilichokuja kufanya ni kutenganisha siku. Jumatatu na Alhamisi, saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, nasoma matangazo tu. Situmi kitu saa hizo. Naandika kwenye daftari kazi gani, mwajiri nani, mwisho lini, nimeliona wapi, nafunga. Siku nyingine magrupu yote nimeyanyamazisha. Mwanzoni unaona kama kazi zinakupita, lakini matangazo mengi ya Ajira Portal yanakaa kama siku 14, ukichungulia mara 2 kwa wiki unalikuta tangazo lilelile mara 3 au 4 kabla halijafungwa.

Jumanne nachuja. Kuna wiki nakumbuka daftari lilikuwa na 17. Nikakaa na kalamu nyekundu: 6 ni tangazo lilelile limezungushwa kwenye magrupu tofauti, 3 tarehe imeshapita ila mtu kaikata kwenye skrinishoti, 4 wanataka CPA sina, 1 wanataka utume elfu 15 ya fomu (kimbia). Zikabaki 3. Wiki nzima ya presha kumbe nilikuwa napigania kazi 3!

Hizo 3 naziandikia Jumatano na Alhamisi mchana, kila moja barua yake. Ijumaa jioni nusu saa narudi kwenye daftari kuangalia ya nyuma yameishia wapi. Jumamosi na Jumapili sigusi. Nyie mnafanyaje?

Chapakazi_Tandika
Hapo kwenye skrinishoti zilizokatwa tarehe umenigusa 😂 niliwahi kutuma maombi ya tangazo la mwaka juzi

Koneksheni_Kwanza
Dada ratiba ya nini, hii nchi kazi ni kujuana. Hiyo Jumatatu na Alhamisi ungeenda kusalimia wajomba ungekuwa ofisini zamani

Bi_Tausi
@Koneksheni_Kwanza kila uzi wewe ni huo huo. Sisi ambao wajomba zetu ni wavuvi tufanyeje?

Koneksheni_Kwanza
Wavuvi nao wanauzia samaki mabosi, tumia akili

Bi_Tausi
Haya baba. Niwarudishe kwenye mada, mimi naunga mkono, ila nina mtoto mchanga, masaa 2 mfululizo asubuhi ni ndoto. Natumia dakika 40 akilala mchana, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Na sichuji kwa simu kabisa, kwenye simu kila kazi inaonekana inanifaa. Nanakili kwenye karatasi halafu jioni ndo nauliza, hiki wanachoita "lazima" ninacho au sina? Nikikosa kimoja cha lazima naacha. Nikikosa vile walivyosema "itakuwa ni sifa ya ziada" natuma tu.

Mkulima_Msomi
jamani mimi nina diploma ya kilimo 2021 mwenye nafasi ya bwana shamba popote hata Katavi anishtue

Dada_wa_Goba
@Mkulima_Msomi mdogo wangu hapa tunaongelea ratiba ya kutafuta, fungua uzi wako

Mkulima_Msomi
ndo natafuta sasa dada

Fundi_Nondo
Nimesoma huu uzi nikaufunga, nikarudi tena. Ngoja niseme labda itamsaidia mtu.

Mimi ni fundi sanifu ujenzi. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Morogoro. Miezi 7 natafuta kila siku, hakuna Jumapili hakuna Idi. Ikafika mahali ule mlio wa imeili ukilia tumbo linakata, kweli kabisa tumbo, maana kila ikilia ni "tunasikitika kukujulisha". Siku moja nikaifuta ile imeili kwenye simu. Nikamwambia dada simu imejaa. Nikawa nashinda saiti kubeba zege, angalau pale jioni unapewa hela yako.

Siku ya 19 mtoto wa dada akaniomba nimtumie vyeti vyake kwa imeili yangu, nikaingia kwa laptopu ya jirani. Naiona pale katikati, imekaa siku 12 haijafunguliwa: unaitwa kwenye usaili Dodoma. Tarehe, jana. Saa 2 asubuhi.

Sijui niliwaza nini, nikapanda basi usiku uleule. Nimefika getini hakujakucha, shati nimekunja kwenye mfuko wa rambo. Mlinzi ananiambia kijana walimaliza jana, namwambia nasubiri. Saa 6 mchana akatoka mama mmoja wa utumishi, mpole tu, akanisikiliza, akanionyesha karatasi ya mahudhurio. Jina langu namba 8. Namba 7 kasaini, namba 9 kasaini. Pangu peupe.

Akaniambia hawezi kuniandikia kitu. Nikamshukuru nikaondoka.

Chapakazi_Tandika
Duh. Pangu peupe. Pole sana kaka

Bi_Tausi
Nimelia jamani. Ulirudije Moro, nauli ulikuwa nayo?

Kijana_wa_Ifakara
Ungewapigia simu ukasema umefiwa wangekupangia siku nyingine

Bi_Tausi
@Kijana_wa_Ifakara unamfundisha mtu kudanganya kifo? Ukiambiwa lete kibali cha mazishi?

Kijana_wa_Ifakara
Natoa wazo tu mbona mkali

Koneksheni_Kwanza
Angekuwa na mtu ndani angepigiwa simu ile jana yake asubuhi 😏

Fundi_Nondo
Nauli ya kurudi niliomba kwa kondakta nikakaa kwenye ndoo mpaka Gairo.
Ninachotaka kumwambia dada mwenye uzi, kufunga magrupu sawa, ila imeili usiifungie kwenye ratiba. Kutafuta kunaweza kusubiri Alhamisi, kuitwa hakusubiri. Sasa hivi nafungua imeili mara moja kwa siku, saa 7 mchana baada ya kula, dakika 10, na folda ya spamu pia. Zile wiki mbaya dada yangu ndo alikuwa anasoma vichwa vya habari, kama ni "tunasikitika" anafuta kimya kimya, kama ni wito ananiita.

Dada_wa_Goba
@Fundi_Nondo umenisahihisha hapo, sikuiandika vizuri. Imeili na akaunti ya portal mimi nilikuwa naangalia kila siku, kuperuzi ndo kulikuwa na siku zake. Pole sana.

Kijana_wa_Ifakara
Ila dada ratiba yako ina shida. Wanaowahi kutuma ndio wanaoitwa. Mimi tangazo likitoka ndani ya saa 1 nimeshatuma

Mzee_wa_Faili
Kijana, una ukweli nusu. Nimekaa utumishi kwenye taasisi binafsi miaka mingi, nimechuja mafaili mpaka macho yameharibika. Kampuni binafsi wengine wanaanza kusoma kabla tarehe haijafika, wakipata watu 5 wazuri wanaita. Hizo ndio za kuwahi, na utazijua, tangazo linasema nafasi inaweza kujazwa wakati wowote, au linatoa siku 5 tu. Kwa serikali mlango unafungwa kwanza ndipo wanachuja, wa siku ya kwanza na wa siku ya 10 mko rundo moja. Ila siku ya mwisho msikae, mtandao unalemewa.

Na mchujo wa kwanza hatusomi barua yako nzuri. Tunatafuta sababu ya kukutoa. Barua haijasainiwa, toka. Umeweka hati ya matokeo badala ya cheti, toka. Jina la cheti cha kuzaliwa na la kidato cha 4 hayafanani na hakuna kiapo, toka. Haya ni ya kutengeneza mara 1 mkaweka folda moja tayari, sio kila wiki mnakimbizana na wakili wa kugonga mihuri saa 10 jioni. Hicho ndicho kinachochosha watu kuliko kutafuta kwenyewe.

Mama mwenye mtoto, kuhusu sifa za lazima uko sawa kwa serikali. Binafsi wakisema miaka 3 na una 2 na nusu, tuma.

Nyota_ya_Kisauni
Huku Kenya hiyo folda ndio kila kitu. Kazi za serikali wanataka kliarensi za Sura ya Sita ya katiba, yaani polisi, kodi kwa KRA, mkopo wa chuo kwa HELB, maadili kwa EACC, madeni kwa CRB, na zingine unalipia. Mimi sizitafuti mpaka niitwe intavyuu, tangazo likisema ziambatanishwe mapema naliangalia mara mbili kwanza kama kweli hiyo kazi nitaipata. Ndio mchujo wangu huo, mfuko 😅

Chapakazi_Tandika
Dada hujasema Ijumaa unaangalia nini hasa, mimi nikifungua daftari Ijumaa ni kilio

Dada_wa_Goba
Usisome "nimekosa", soma ulikosea wapi. Baada ya kuanza ratiba nilituma 24 kwa miezi 4, nikaitwa 5. Ile 61 na kuitwa 2 maana yake nilikuwa natuma kusikonihusu au makaratasi yana shida. Ila kwenye 5, mara 3 nimeangukia mtihani wa kuandika. Kwa hiyo karatasi ziko sawa, mimi ndo sijui maswali. Nikapunguza kutuma mpaka 1 kwa wiki, Alhamisi mchana ikawa ya kufanya maswali ya uhasibu na saa ukutani. Bila daftari ningeendelea kubadilisha sivii ambayo haikuwa na shida.

Mzee_wa_Faili
Hesabu nzuri, ila usiipe ratiba sifa yote. Hiyo miezi 4 ilikuwa lini? Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, baada ya hapo vibali vinatoka na matangazo yanakuwa mengi.

Dada_wa_Goba
Agosti mpaka Novemba 🙈

Koneksheni_Kwanza
Nilisema ratiba haina kitu

Bi_Tausi
Hakusema hivyo wewe!

Mkulima_Msomi
mzee wa faili naomba niku-pm

Chapakazi_Tandika
Dada na mdogo wako ameamka?

Dada_wa_Goba
Ameamka. Nimemsomea ya Fundi_Nondo, hakusema kitu. Ametoka magrupu 9 kabaki na 2, halafu nimemuona anaingia kwenye folda ya spamu.