Jobu ya usiku imekata wateja mara mbili siku Ulaya waliyorudisha saa nyuma, naombeni ushauri

Kijana_wa_Mwenge
Habari za jioni wakuu. Nipo Dar, nafanya kazi ya mbali kwa mteja mmoja mdogo yuko Ujerumani, anakodisha baiskeli, hela inakatwa kidogo kidogo kila siku kwenye salio la mtumiaji. Jobu ya usiku inayofunga mahesabu ya jana na kukata niliiandika mimi. Seva ipo huko huko na kontena nimeipa `TZ=Europe/Berlin` kwa sababu mteja anaongea kwa saa za kwao, nikaona yaishe.

```python
scheduler.add_job(funga_siku, "cron", hour=2, minute=30)
```

Imepiga kazi tangu mwaka jana bila kelele. Sasa Jumapili ya tarehe 26 Oktoba naamka nakuta simu imejaa meseji, watu wamekatwa mara mbili. Naingia databezi kila mtu ana mistari miwili, yote imeandikwa 2025-10-26 02:30, nikajua tu kuna kontena mbili zimewaka pamoja, nimeshinda siku nzima natafuta hiyo ya pili hamna. Kwenye laptopu yangu nimeirudia hadi nimechoka, haikati mara mbili hata kwa bahati mbaya. Shida ni nini hapa?

Mzee_wa_Logi
Kijana, acha kuitafuta kontena ya pili, haipo. Usiku ule Ujerumani saa nane na nusu ilipita mara mbili.

Ulaya wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Berlin ikifika 03:00 saa inarudi 02:00, kwa hiyo lile lisaa la kati ya 02:00 na 03:00 linaishiwa mara mbili. Jobu yako iliona 02:30 ikakimbia, baada ya saa moja ikaona 02:30 tena ikakimbia tena, na haikukosea, ulivyoiambia ndivyo ilivyofanya. APScheduler hiyo unayotumia nyaraka zake zenyewe zinaonya kuhusu hili. Ya kwanza ilikuwa UTC+2 ambayo ni 00:30 UTC, ya pili UTC+1 ambayo ni 01:30 UTC. Kwako Dar ni saa tisa na nusu na saa kumi na nusu alfajiri, masaa mawili tofauti kabisa, ila wewe databezi umeiandikia saa ya ukutani bila kusema ni +2 au +1 kwa hiyo zimefanana na sasa huwezi kuzitenganisha.

Piga `docker logs -t`, ile inaweka muda wa UTC. Halafu rudi nyuma uangalie tarehe 30 Machi.

Laptopu yako ipo `Africa/Dar_es_Salaam`, huku saa hatuzisogezi, hata ungekesha mwaka mzima usingeliona tatizo.

Kijana_wa_Mwenge
Duh. Ni kweli mzee, ya kwanza `2025-10-26T00:30`, ya pili `2025-10-26T01:30`. Na tarehe 30 Machi haikukimbia kabisaaa, siku ya tarehe 29 hakuna aliyekatwa hata senti. Miezi saba hakuna aliyesema kitu, mtu asipokatwa analalamika nini sasa.

Mzee_wa_Logi
Ndo ujue. Machi inatoka 01:59 inaruka 03:00, hiyo 02:30 uliyoisubiri haikuwepo duniani. Ya kujirudia watu watakupigia simu, ya kurukwa inakaa kimya. Ukitaka kuiona hesabu mistari ya kila siku, ukikuta siku yenye sifuri angalia kalenda.

root_wa_Tabata
Mnamtisha dogo bure, cron ya Linux inajua haya mambo miaka mingi, ikirukwa inakimbiza yenyewe na ikijirudia hairudii. Hamia cron ulale.

Mzee_wa_Logi
Mkuu upo sawa nusu. Cron ya Debian inafanya hivyo kweli, ukisoma `man cron` imeandikwa, saa ikisogea chini ya masaa matatu inazishika zile jobu za muda maalum. Lakini huyu hatumii cron, anatumia maktaba ya Python ndani ya kontena. Na akihamia CronJob za Kubernetes kesho, ile maktaba ya Go iliyo chini yake jobu iliyoangukia kwenye saa lililorukwa haiikimbizi. Kila skedula ina tabia yake, leo unategemea huruma ya hii kesho umehamishwa kwenye nyingine hujui inafanyaje.

Mwanafunzi_Moro
Samahani naingilia, na mimi nina shida hiyo hiyo ya saa. Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu, kila nikitoka Ubuntu nikiingia Windows saa imerudi nyuma masaa matatu. Na hii ni hayo mambo ya Ulaya?

root_wa_Tabata
Hapana dogo, hiyo ni nyingine. Ubuntu inaiwekea saa ya bodi UTC, Windows inaisoma ile ile ikidhani ni saa ya hapa, ndo masaa yako matatu hayo. Ukiwa Ubuntu piga `timedatectl set-local-rtc 1`, italalamika kidogo iache ilalamike.

Wanjiru_wa_Ngara
Mimi kesi yangu haikuhitaji hata Ulaya 😂 bosi wa Tanga alinitumia meseji "ripoti itoke saa 2 usiku", mimi na akili zangu za Nairobi nikaandika `0 2 * * *`, ikatoka saa nane usiku wiki nzima yeye ameamka kuisubiri tangu jioni. Siku hizi mtu akinipa saa namuuliza saa ya kizungu au ya kwetu.

Kijana_wa_Mwenge
😂😂 pole dada. Sasa wakuu nikiweka UTC kila kitu ndo basi? Berlin siku yao inaisha 22:00 UTC wakiwa kiangazi na 23:00 UTC wakiwa baridi, kwa hiyo nimewaza 23:30 UTC, siku inakuwa imeshafungwa majira yote.

root_wa_Tabata
UTC kila kitu, seva, databezi, logi, skedula. Imeisha hiyo.

Mzee_wa_Logi
UTC haina saa linalorudia wala linaloruka, kwa hiyo ugonjwa wa Jumapili ile umepona, hapo nakubali. Ila kabla ya kugusa skedula weka komeo kwenye databezi, ili hata jobu ikikimbia mara kumi mtu akatwe mara moja.

```sql
ALTER TABLE makato ADD CONSTRAINT moja_kwa_siku UNIQUE (mteja_id, siku);
```

Itagoma mpaka uondoe kwanza ile mistari iliyojirudia ya siku ya tarehe 25, watu warudishiwe hela zao. Na hiyo 23:30 iangalie vizuri, sijaipenda.

Kijana_wa_Mwenge
Nimerudi wakuu, siku mbili zimepita. Komeo nimeweka, hela zimerudishwa, kontena nimeiwekea UTC, jobu 23:30. Usiku wa kwanza wa mabadiliko ni wa tarehe 28 na imekufa na `duplicate key value violates unique constraint`. Yaani imetaka kuikata tarehe 27 ambayo jobu ya zamani ilishaikata. Mzee ulijua?

Mzee_wa_Logi
Nilihisi. Unaipataje "jana" kwenye koodi yako? Bila shaka `date.today()` unatoa siku moja. Sasa fuatana na mimi. Saa 23:30 UTC ya tarehe 28, Berlin ni 00:30 ya tarehe 29, siku ya 28 kwao imekwisha na ndiyo unayotaka kuifunga. Lakini kontena lako linaishi UTC na UTC bado ni tarehe 28, ukitoa moja unapata 27. Bila lile komeo ungewakata tena watu wale wale wiki ile ile, sijui ungemwambia nini mteja.

Kukimbia kwa UTC ni jambo moja, siku ni ya nani ni jambo lingine. Siku ni ya mwenye baiskeli, yupo Berlin. Kwa hiyo muulize Berlin leo ni tarehe ngapi, tafuta mwanzo na mwisho wa jana yake, halafu ndo ugeuze UTC uende databezi.

```python
B = ZoneInfo("Europe/Berlin")
leo = datetime.now(B).date()
jana = leo - timedelta(days=1)
mwanzo = datetime.combine(jana, time(0), B).astimezone(timezone.utc)
mwisho = datetime.combine(leo, time(0), B).astimezone(timezone.utc)
```

Usije ukapata mwisho kwa kuchukua mwanzo ukajumlisha masaa 24. Chukua Jumapili yako ile ile, Berlin ilianza 22:00 UTC ya tarehe 25 ikaisha 23:00 UTC ya tarehe 26, hesabu mwenyewe, masaa 25. Na ya Machi ina 23. Ukijumlisha 24 waliokodi lile lisaa la mwisho la usiku wa Jumapili wanapotea, wala hutapata kosa lolote kwenye logi.

Na sogeza jobu iwe 00:30 UTC. Muda huo tarehe ya UTC na ya Berlin zinalingana majira yote, 02:30 kiangazi na 01:30 baridi, kwa hiyo hata mwenzako akija kuandika `date.today()` kwa uzembe hataharibu. Kwako wewe ni saa tisa na nusu usiku mwaka mzima, haihami.

Shemeji_wa_Minnesota
Mimi napinga kidogo hii ya UTC kila kitu. Tuna jobu ya kuwakumbusha madereva saa mbili asubuhi kwa saa zao huku Marekani. Tukaiweka UTC, Machi ilipofika ikaanza kuwafikia saa tatu wameshaondoka. Mtu anaishi na saa ya ukutani. Tukairudisha `America/Chicago` na tumeiweka mbali na saa nane usiku, basi.

root_wa_Tabata
Si ungebadilisha tu namba mara mbili kwa mwaka shem.

Shemeji_wa_Minnesota
Mara mbili? Tuna madereva na Ulaya pia. Mwaka huu Marekani walisogeza tarehe 9 Machi, Ulaya tarehe 30, wiki tatu nzima tofauti ni nyingine. Nani akae anakumbuka hayo.

Mzee_wa_Logi
Shemeji yupo sahihi. Kinachomgusa mtu kwa saa yake kiweke na jina la ukanda wake, `America/Chicago` au `Europe/Berlin`, usiandike +2 kavu maana +2 ya Berlin ni ya kiangazi tu. Mahesabu ya mashine ndo yaende UTC.

Kijana_wa_Mwenge
Jana imekimbia 00:30 UTC safi, tarehe 29 imekatwa mara moja, ile 28 nimeikimbiza kwa mkono. Bado moja inanisumbua. Kuna watu wamebuku baiskeli saa 3:00 asubuhi mwezi wa tano mwakani na nimezihifadhi kwa UTC tupu. Nasikia Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 waache kusogeza saa na mpaka leo halijatekelezwa, sasa siku wakiamua kweli si buku zangu zote zitakuwa zimehama saa moja?

Mzee_wa_Logi
Wakibaki na saa ya baridi zitahama, wakibaki na ya kiangazi hizo za mwezi wa tano zitabaki palepale, na hujui watachagua ipi. Hizo za mbele hifadhi saa ya Berlin kama alivyoichagua mtu pamoja na jina la ukanda, UTC uihesabu karibu na siku yenyewe, na `tzdata` ndani ya kontena uwe unaiapdeti.

root_wa_Tabata
Mimi ningeziacha UTC tu, wakibadilisha sheria napiga `UPDATE` moja.

Shemeji_wa_Minnesota
Utajuaje ipi ilibukiwa kabla ya sheria na ipi baada?

root_wa_Tabata
Ngoja nikanywe chai nikirudi nitakujibu.