Mjadala: Mshahara sawa, pengo linatoka wapi?

Kidato cha Sita, Mtwara: Nachagua kati ya uhasibu na ufamasia. Naambiwa sheria haitaki ubaguzi wa mshahara. Sasa hilo pengo la mwanamke na mwanaume linatoka wapi?

Mhasibu wa Ghala: Mara nyingi haliko kwenye mshahara wa msingi, mdogo wangu. Chukua mfano wa makarani wawili wa ghala la korosho, kila mmoja 585,000 kwa mwezi, kwa wiki za masaa 45. Saa moja inaangukia 3,000. Msimu ukifunguka, malori yanapanga foleni mpaka usiku. Sheria ya Ajira ya 2004 inaruhusu masaa 50 ya ziada kwa wiki nne, kila saa mara moja na nusu, yaani 4,500. Kaka anayabeba yote: 225,000 juu. Dada ana mtoto mchanga, jioni lazima awahi nyumbani. Kaka 810,000, dada 585,000. Halafu usimamizi anapewa aliyeonekana ghalani usiku.

Baba Wawili: Basi kachagua mwenyewe. Mke wangu hafanyi kazi na tunaishi vizuri.

Bibi wa Newala: Hafanyi kazi? Huku kwetu kijana akileta ndoo za maji kwa baiskeli tunamlipa. Nikizitoa mimi bondeni kichwani, "hafanyi kazi". Maji ni yale yale, mwanangu.

Baba Wawili: Shikamoo bibi, ila usinigeuzie maneno. Hela ya maji natoa mimi.

Bibi wa Newala: Marahaba. Na wanao nani anawaogesha ukiwa shifti?

Kijana wa Mikindani: Mmehamia kwenye maji! Tatizo ni likizo ya uzazi tu, waajiri wanaiogopa.

Mhasibu wa Ghala: Inachangia, lakini siku 84 zinaisha, malezi hayaishi. Baba yeye anapewa siku 3. Claudia Goldin, aliyepata Nobeli ya uchumi 2023, alionyesha kwa Marekani kwamba pengo linapanuka mtoto wa kwanza akizaliwa, hasa kwenye kazi zinazomlipa zaidi anayepatikana muda wote. Kwenye ufamasia kule limepungua sana, maana mfamasia mmoja anampokea mwenzake zamu na mgonjwa hapungukiwi kitu.

Muuguzi Lindi: Kule sawa. Duka la dawa lenye mfamasia mmoja, mtoto akiumwa nani anampokea? Mdogo wangu, kwenye usaili uliza zamu zinapangwaje, na malipo ya ziada ni kiasi gani juu ya msingi.

Baba Wawili: Kwa hiyo sisi tuache kazi za usiku? Hiyo 225,000 ndiyo ada ya shule.

Kidato cha Sita, Mtwara: Shikamoo baba. Kama wote wawili ni makarani pale ghalani, kwa nini kila msimu anayebaki usiku awe yule yule?